Grafu za kasi ya mmenyuko: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, na machache kwa wazazi wanaojaribu kuwasaidia watoto mezani usiku. Mtihani wenyewe, uwe wa NECTA au KCSE, huandikwa kwa Kiingereza, lakini anayeielewa grafu kwa Kiswahili hana kazi kubwa ya kuieleza kwa lugha nyingine. Tutatumia jaribio moja karibu mwanzo hadi mwisho, ili uzizoee namba zake.

Ni jaribio gani hilo?

Utepe wa magnesiamu ndani ya asidi hidrokloriki. Unakata utepe wenye uzito wa gramu 0.06, ambao ni kipande cha sentimita kama sita hivi. Unausugua kwa msasa mpaka ung'ae, kisha unautumbukiza kwenye flaski yenye cm³ 50 za asidi ya 0.5 mol/dm³. Unafunga kizibo upesi, na gesi ya haidrojeni inapita kwenye mpira hadi kwenye sirinji ya gesi. Kama shule haina sirinji, gesi inaingia kwenye silinda ya kupimia iliyojazwa maji na kupinduliwa ndani ya beseni. Mmoja anashika saa, mwingine anasoma ujazo, wa tatu anaandika.

Mg + 2HCl → MgCl₂ + H₂

Chukulia tumepata namba hizi:

| Muda (s) | Ujazo wa gesi (cm³) |
|---|---|
| 0 | 0 |
| 20 | 19 |
| 40 | 32 |
| 60 | 41 |
| 80 | 48 |
| 100 | 53 |
| 120 | 56 |
| 140 | 58 |
| 160 | 59 |
| 180 | 60 |
| 200 | 60 |

Muda unakaa kwenye mhimili wa chini, ujazo kwenye mhimili uliosimama. Weka nukta zako, kisha pitisha mkunjo mmoja laini kwa mkono. Usiunganishe nukta kwa rula kama unayechora paa la nyumba. Gesi haikutoka kwa vipande vipande, ilitoka mfululizo. Mkunjo huu tutauita A.

Kwa nini unapanda kwa kasi mwanzoni halafu unalala?

Jibu ambalo kila mtu analikariri ni kwamba vitendanishi vinapungua, kwa hiyo migongano inapungua. Ni sahihi, ila muulize aliyelikariri: ni kitendanishi kipi kilichopungua? Hapo wengi hunyamaza. Tupige hesabu.

Magnesiamu gramu 0.06 ni moli 0.0025. Asidi ni cm³ 50 za 0.5 mol/dm³, yaani moli 0.025. Kila moli ya magnesiamu inakula moli mbili za asidi, kwa hiyo asidi inayotumika ni moli 0.005 tu. Zinabaki 0.020. Ukolezi wa asidi umeshuka kutoka 0.5 hadi 0.4 mol/dm³, basi. Asidi haijaisha, wala haijakaribia kuisha. Kilichoisha ni magnesiamu. Utepe unakonda, unatoboka, unakatika vipande, na eneo la uso wake linaloguswa na asidi linazidi kuwa dogo mpaka linatoweka. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya mkunjo huu kulala. Kushuka kwa ukolezi wa asidi kunachangia, lakini kidogo.

Ukiweza kusema hivyo kwenye karatasi yako, umeonyesha kwamba umeisoma grafu hii, si grafu ya kitabuni.

Sehemu bapa ya juu inasema mmenyuko umekwisha. Kwa nini umesimama kwenye 60? Kwa sababu moli 0.0025 za magnesiamu zinatoa moli 0.0025 za haidrojeni, na kwenye joto la kawaida la chumba moli moja ya gesi yoyote inachukua karibu cm³ 24,000. Zidisha, unapata 60. Urefu wa grafu unaamuliwa na kitendanishi kinachoisha kwanza. Kishike hicho, maana nusu ya maswali ya kulinganisha mikunjo yamejificha hapo.

Mteremko ni nini hasa, na unasomwaje?

Mteremko ni kiasi ambacho mstari unapanda kwa kila hatua moja ya kwenda kulia. Kwenye grafu yetu kupanda ni gesi na kwenda kulia ni muda, kwa hiyo mteremko ni cm³ za gesi kwa kila sekunde. Hiyo ndiyo kasi ya mmenyuko. Ndiyo maana vizio vyake ni cm³/s, na mtahini akikuta namba haina vizio anaweza kukunyima alama bila huruma.

Tatizo ni kwamba mstari wetu umepinda, kwa hiyo mteremko unabadilika kila wakati. Ukitaka kasi ya sekunde fulani, unachora tanjenti, yaani mstari mnyoofu unaougusa mkunjo mahali hapo tu na kuelekea upande ule ule ambao mkunjo unaelekea pale.

Tufanye ya sekunde ya 60. Nukta yetu ni (60, 41). Weka rula pale, izungushe taratibu mpaka nafasi kati ya rula na mkunjo iwe sawa kushoto na kulia, kisha chora mstari mrefu. Kwenye grafu yangu mstari huo unapita (20, 25) na (110, 61). Kupanda ni 61 − 25 = 36. Kwenda kulia ni 110 − 20 = 90. Gawanya: 36 ÷ 90 = 0.4 cm³/s.

Kuna njia ya kujikagua haraka. Chukua nukta zilizo pande mbili za 60 kwa umbali sawa, yaani 40 na 80. Ujazo ulitoka 32 hadi 48, ni 16 kwa sekunde 40, sawa na 0.4. Tanjenti ikikupa 0.7 au 0.2, rula iliteleza.

Kwa kasi ya mwanzo, tanjenti inaanzia kwenye sifuri. Yangu inapita (40, 44), kwa hiyo kasi ni 44 ÷ 40 = 1.1 cm³/s. Angalia kwamba mstari huo unauacha mkunjo chini, maana kwenye sekunde ya 40 mkunjo wenyewe uko 32. Wanafunzi wengi wanaogopa kuuacha mkunjo, wanalaza rula ili ipite kwenye nukta ya 20 au 40. Hapo unapata 0.95 au 0.8, nayo si kasi ya mwanzo tena.

Niligawanya 41 kwa 60 nikapata 0.68. Mwalimu kanikosesha. Kosa liko wapi?

Hujakosea hesabu, umejibu swali lingine. 41 ÷ 60 ni kasi ya wastani tangu mwanzo hadi sekunde ya 60. Swali liliuliza kasi kwenye sekunde ya 60.

Fikiria daladala iliyotoka Kariakoo kwenda Mbagala. Dakika za mwanzo ilikimbia, sasa imekwama kwenye foleni inasogea kwa kunyata. Ukigawanya umbali wote kwa muda wote unapata namba nzuri tu, lakini abiria aliyemo ndani anajua kwamba sasa hivi gari haiendi. Tanjenti ndiyo inayosoma mwendo wa sasa hivi. Kwa grafu yetu kasi ya mwanzo ni 1.1, wastani wa dakika ya kwanza ni 0.68, kasi kwenye sekunde ya 60 ni 0.4, na wastani wa mmenyuko wote ni 60 ÷ 180, kama 0.33. Namba nne tofauti, zote za kweli, kila moja na swali lake. Soma swali mara mbili: likisema "wastani kati ya" gawanya tofauti, likisema "kwenye sekunde ya" chukua rula.

Tanjenti yangu na ya jirani hazilingani. Nani yuko sahihi?

Huenda wote. Mstari wa mkono haufanani na wa mwingine, na watahini wanalijua hilo, kwa hiyo huwa wanakubali majibu ndani ya mipaka fulani. Unachoweza kufanya ni kupunguza kosa. Chora tanjenti ndefu, ivuke angalau nusu ya karatasi, kisha soma nukta mbili zilizo mbali na zinazoangukia kwenye makutano ya miraba. Pembetatu ndogo ya sentimita moja inakuza kila kosa la jicho. Nukta hizo mbili zisome kwenye tanjenti yenyewe, si kwenye jedwali. Na kabla ya kuhesabu miraba, tazama kila mraba mdogo una thamani gani kwenye kila mhimili. Nimesahihisha karatasi nyingi ambazo tanjenti ilikuwa safi kabisa lakini mwenyewe alihesabu miraba kana kwamba mihimili yote miwili ina kipimo kimoja.

Wakisema asidi iwe ya 1.0 mol/dm³ badala ya 0.5, kila kitu kingine kikibaki vilevile, nichore wapi?

Mkunjo mpya, B, unaanzia kwenye sifuri, unapanda juu ya A tangu mwanzo, na unalala mapema, lakini kwenye urefu ule ule wa 60. Magnesiamu ni ile ile gramu 0.06, kwa hiyo gesi ni ile ile. Asidi ya ziada iliyomo kwenye flaski haina magnesiamu ya kuishughulikia.

Makosa mawili hujirudia hapa. La kwanza ni kuupeleka B hadi 120 kwa sababu "ukolezi umeongezeka mara mbili". La pili ni la uvivu wa mkono: B unakuta umeukata A karibu na juu, au unalala kwenye 62. Mikunjo hiyo ikikutana, ikutane kwenye sehemu bapa tu, ibaki pamoja hapo.

Je, B uwe na mteremko mara mbili ya A? Usiseme hivyo isipokuwa swali limekuambia kasi inalingana moja kwa moja na ukolezi. Kwenye maabara magnesiamu inaweza kukupa zaidi ya mara mbili, na sababu mojawapo ni joto. Mmenyuko huu unatoa joto jingi. Gramu 0.06 za magnesiamu ndani ya cm³ 50 za asidi zinaweza kuipandisha kwa digrii tano hivi. Asidi iliyokolea inalitoa joto hilo kwa muda mfupi, kabla halijapotea, na joto lenyewe linaongeza kasi. Kwa mchoro wa mtihani inatosha kuandika "mteremko mkubwa zaidi mwanzoni, unalala mapema, urefu ule ule".

Halafu, usiite asidi ya 1.0 "asidi kali zaidi". Ukali wa asidi kwa mkemia ni jambo la molekuli zake kuachana na ioni za haidrojeni. Asidi hidrokloriki ni kali hata ukiizimua kwa maji. Iliyoongezeka hapa imekolea tu.

Mbona kwenye swali lingine ukolezi ulibadilisha pia urefu wa grafu?

Kwa sababu huko asidi ndiyo iliyoisha kwanza. Swali la namna hiyo hupenda kutumia marumaru, yaani kalsiamu kaboneti, nyingi kupita kiasi:

CaCO₃ + 2HCl → CaCl₂ + H₂O + CO₂

Weka asidi cm³ 25 za 0.2 mol/dm³. Hizo ni moli 0.005, zinatoa moli 0.0025 za kaboni dayoksaidi, ambazo ni cm³ 60. Huo ni mkunjo P. Sasa badilisha asidi iwe cm³ 25 za 0.1 mol/dm³. Moli zimekuwa nusu, kwa hiyo mkunjo Q unaanza taratibu na pia unaishia kwenye 30. Ukolezi umegusa mteremko na urefu kwa pamoja.

Mtunzi mjanja huongeza wa tatu, R: cm³ 50 za 0.1 mol/dm³. Hapa ndipo darasa hugawanyika. Ukolezi ni nusu ya P, kwa hiyo mwanzo ni wa taratibu. Lakini ujazo ni mara mbili, moli zimerudi kuwa 0.005, kwa hiyo R utapanda polepole na mwishowe kufika 60 kama P. Na R ukilinganishwa na Q? Vinaanza kwa mteremko mmoja, maana marumaru zilizozama zinaguswa na asidi yenye ukolezi ule ule. Kuwa na asidi nyingi zaidi kwenye flaski hakuongezi chembe zinazoligusa jiwe kwa sekunde. Kisha Q unachoka mapema, R unaendelea.

Kwa hiyo kabla hujagusa penseli jiulize mambo mawili, kila moja peke yake. Ukolezi, joto au eneo la uso vimebadilikaje? Hayo yanakupa mteremko wa mwanzo. Moli za kile kinachoisha kwanza zimebadilikaje? Hizo zinakupa urefu.

Wakipunguza magnesiamu iwe gramu 0.03?

Urefu unakuwa 30, hilo halina mjadala. Mteremko wa mwanzo ndio wenye mtego. Ukiwa umekata utepe katikati, umepunguza uzito na umepunguza pia uso unaoguswa na asidi. Kwa hiyo kasi ya mwanzo nayo inakaribia nusu, na mmenyuko unaisha karibu muda ule ule wa mwanzo. Kila nusu ya utepe inaliwa kama ilivyokuwa ikiliwa ilipokuwa imeungana na mwenzake. Michoro mingi ya vitabuni huonyesha mikunjo miwili ikianza pamoja halafu mmoja unalala chini. Mchoro huo unafaa pale asidi inapopunguzwa ujazo bila kubadili ukolezi, kama Q na R hapo juu. Kwa utepe uliokatwa, haufai.

Nieleze vipi athari ya ukolezi ili nipate alama zote?

Andika kwamba kwenye asidi iliyokolea kuna chembe nyingi zaidi za asidi katika ujazo ule ule, kwa hiyo zinaugonga uso wa magnesiamu mara nyingi zaidi kwa sekunde, na migongano yenye mafanikio kwa sekunde inaongezeka.

Maneno yanayobeba alama ni "katika ujazo ule ule" na "kwa sekunde". Ukiandika tu "kuna migongano mingi zaidi" hujajibu. Tangu mwanzo hadi mwisho wa jaribio, magnesiamu yote imeliwa katika A na katika B, kwa hiyo migongano yenye mafanikio ni mingi sawasawa. Tofauti ni kwamba B imeimaliza kwa muda mfupi.

Na usiseme chembe zina nguvu zaidi. Ukolezi hauzipi chembe nguvu yoyote, unazijaza tu kama abiria kwenye gari.

Na athari ya joto?

Mchoro ni rahisi: joto likiongezeka na mengine yakibaki vilevile, mkunjo unapanda kwa mteremko mkubwa zaidi, unalala mapema, kwenye urefu ule ule. Maelezo ndiyo yanayowaangusha watu, maana wanaandika yale yale ya ukolezi: chembe zinakimbia zaidi, zinagongana mara nyingi zaidi. Si uongo, lakini ni sehemu ndogo sana ya jambo lenyewe.

Tuipime sehemu hiyo. Ukipandisha joto kutoka digrii 20 hadi 30, kwa kipimo cha kelvini umetoka 293 hadi 303. Mwendo wa wastani wa chembe unafuata kipeuo cha pili cha halijoto hiyo, na kipeuo cha 303 ÷ 293 ni kama 1.017. Yaani chembe zinakwenda haraka zaidi kwa chini ya asilimia 2. Lakini mimenyuko mingi ya kawaida, joto likiongezeka digrii 10 karibu na joto la chumba, kasi yake inakaribia kuongezeka mara mbili. Mara mbili haiwezi kutoka kwenye asilimia 2.

Inatoka kwenye nishati. Chembe zikigongana haimaanishi zimemenyuka. Ni lazima mgongano uwe na nishati isiyopungua kiwango fulani, kinachoitwa nishati ya uamshaji, ndipo vifungo vya zamani vivunjike. Zenye nishati pungufu zinagongana, zinaachana, kila moja inashika njia yake. Chembe za kwenye flaski moja hazina nishati sawa. Nyingi ziko kati, chache ziko juu sana. Ukiongeza joto kidogo, kundi zima linasogea juu kidogo, lakini lile kundi dogo lililovuka kizingiti linaweza kuwa mara mbili ya lilivyokuwa. Svante Arrhenius, mkemia wa Uswidi, aliiweka hoja hii katika mlinganyo mwaka 1889, na bado ndio tunaoutumia.

Kwa mtihani, andika hivi: joto likiongezeka, chembe zinapata nishati ya mwendo zaidi, sehemu kubwa zaidi ya chembe inakuwa na nishati inayofikia au kuzidi nishati ya uamshaji, kwa hiyo migongano yenye mafanikio kwa sekunde inaongezeka. Kisha ongeza, kama cha pili, kwamba migongano yenyewe nayo inakuwa ya mara kwa mara zaidi. Usiandike kwamba joto linapunguza nishati ya uamshaji. Hiyo ni kazi ya kichocheo, ambacho hufungua njia nyingine yenye kizingiti kifupi.

Swali moja la kiudadisi nililowahi kuulizwa: gesi ikiwa ya moto si itatanuka, sirinji isome zaidi ya 60? Ndiyo, ikisomwa ingali ya moto, na mvuke wa maji nao unachukua nafasi. Subiri ipoe hadi joto la chumba, itarudi. Kwenye mchoro wa mtihani, lakini, weka urefu sawa.

Grafu niliyopewa inashuka. Nyingine ni mstari mnyoofu. Sheria zimebadilika?

Mihimili imebadilika. Kabla ya kusema neno lolote, soma kilichoandikwa pembeni.

Ikiwa mhimili uliosimama ni uzito wa flaski, mkunjo unashuka kwa sababu gesi inatoroka. Flaski inawekwa juu ya mizani na mdomoni inazibwa kwa pamba, ili gesi ipite lakini matone ya asidi yasiruke nje. Kasi bado ni ukubwa wa mteremko, sasa kwa g/s. Njia hii inafaa marumaru, haifai utepe wetu. Cm³ 60 za kaboni dayoksaidi zina uzito wa gramu 0.11, na mizani ya shule inayosoma hadi 0.01 inauona ukipungua. Cm³ 60 za haidrojeni ni gramu 0.005. Mizani hiyo hiyo haitashtuka.

Ikiwa mhimili wa chini ni ukolezi au halijoto, basi kila nukta ni jaribio zima, si dakika moja ya jaribio. Hii hutokea sana kwa sodiamu thayosalfeti na asidi, lile jaribio la msalaba uliochorwa chini ya kopo:

Na₂S₂O₃ + 2HCl → 2NaCl + S + SO₂ + H₂O

Salfa inatia maji ukungu wa manjano mpaka msalaba hauonekani, na unaandika sekunde zilizopita. Ukichora muda dhidi ya ukolezi, mkunjo unashuka, kwa sababu ukolezi mkubwa unamaliza kazi kwa muda mfupi. Mwanafunzi anauona unashuka, anaandika "kasi inapungua". Kinyume kabisa. Ndiyo maana tunageuza muda kuwa 1/t: sekunde 25 zinakuwa 0.04, sekunde 50 zinakuwa 0.02. Grafu ya 1/t dhidi ya ukolezi wa thayosalfeti hutoka karibu mstari mnyoofu unaoanzia sifuri, na hapo una haki ya kusema kasi inalingana moja kwa moja na ukolezi. Ya 1/t dhidi ya halijoto haiwi mnyoofu, inazidi kupinda kwenda juu kwa sababu ile ile ya kizingiti. Gesi inayotoka hapo, SO₂, inabana kifua, kwa hiyo fungua madirisha na usiipashe moto sana.

Grafu yangu ya maabara haifanani na ya kitabu. Nimekosea wapi?

Tazama umbo lake, litakuambia. Ikianza kwa kujivuta halafu ndipo ipande, kama herufi S iliyolazwa, mara nyingi utepe haukusuguliwa. Magnesiamu iliyokaa kabatini ina utando wa oksidi unaomenyuka kwanza bila kutoa gesi.

Ikilala chini ya 60, kwenye 54 kwa mfano, gesi imepotea. Ama kizibo kilichelewa, ama kinavuja, ama kipande cha utepe kilinata kwenye ukuta wa flaski juu ya asidi. Kwa marumaru kuna sababu ya ziada: kaboni dayoksaidi huyeyuka kiasi kwenye maji, kwa hiyo silinda iliyopinduliwa kwenye beseni husoma pungufu.

Mwaka mmoja kikundi changu kilipata mkunjo wenye ngazi. Gesi haikuongezeka kwa sekunde 20, kisha ikaruka cm³ 9 kwa mpigo. Tulibishana sana kuhusu kemia yake kabla mmoja wetu hajagusa sirinji na kukuta pistoni inakwama kwa uchafu. Tuliifuta kwa kitambaa kikavu, ngazi zikatoweka.

Nukta moja ikiwa nje ya mkunjo peke yake, usiupinde mkunjo kuifuata. Izungushie duara, andika kuwa haiendani na nyingine, na urudie kipimo kama asidi imebaki.

Nikiona mikunjo miwili yenye urefu sawa, mmoja na mteremko mkubwa, nitajuaje kama walibadilisha joto au ukolezi?

Hutajua kwa kutazama tu. Asidi iliyopashwa moto, asidi iliyokolea ikiwa bado inazidi, na magnesiamu ya unga badala ya utepe vyote vinachora picha hiyo hiyo. Swali likikutaka utaje "mabadiliko mawili yanayowezekana", taja mawili kati ya hayo, na kila moja lieleze kwa sababu yake: joto kwa nishati, ukolezi kwa chembe katika ujazo, unga kwa eneo la uso. Likikutaka utaje moja tu, rudi juu kwenye maelezo ya jaribio. Jibu huwa limekaa kwenye sentensi uliyoiruka ili uifikie grafu.